Mlimau wa Kwenye Pipa: Pa Kukata na pa Kuacha

Kwenye nyua nyingi za Tanga, Pangani hadi Mkinga, mlimau hukaa ndani ya pipa la lita 200 lililokatwa nusu. Mara nyingi mwenyewe huunyoa duara kama ua wa michongoma, kila ncha iliyochomoza inaondoka. Mti unapendeza, lakini msimu unapita bila limau hata moja. Sababu iko kwenye mkasi. Maua mengi ya mlimau hutoka kwenye machipukizi mapya yanayoota karibu na ncha za vitawi vilivyokomaa. Anayenyoa ncha zote huondoa maua kabla hayajatoka, na mti hujibu kwa kuota majani badala ya kuzaa.

Kwa hiyo, ukiamua tawi halifai, litoe zima tangu linapoanzia. Ukiamua linafaa, liachie ncha yake. Kufupisha matawi katikati kuwe ni jambo la nadra, na nitaeleza pale linaporuhusiwa.

Wakati mzuri kwa mwambao wetu ni Februari. Jua ni kali na hewa ni kavu, hivyo kidonda hukauka kabla masika hayajaanza Machi, na mvua za kwanza zinapoamsha mti, nguvu zake huenda kwenye vitawi ulivyobakiza. Ukikata katikati ya masika, kidonda hukaa na unyevu na ukungu hupata njia. Nafasi ya pili, kwa marekebisho madogo tu, ni Septemba kabla ya vuli.

Tuchukue mti mmoja wa mfano. Ni mche wa kubebeshwa, una mwaka mmoja na nusu kwenye nusu pipa, na umefika kifuani kwa mtu mzima. Una matawi saba. Chini karibu na udongo yamechomoza machipukizi mawili manene, na katikati kuna fimbo moja iliyokimbia juu kuliko wenzake wote.

Anza na yale mawili ya chini. Kwenye shina tafuta kifundo, au mahali ambapo gome linabadilika rangi kidogo. Hapo ndipo mche ulipobebeshwa. Chochote kinachoota chini ya hapo ni cha mti wa mizizi, si cha limau ulilonunua. Huku kwetu pana mtego: mti wa mizizi unaotumika sana kwa michungwa na milimau ni mlimau wa kienyeji, ule wa ganda la kukwaruza na mbegu tele. Majani yake yanafanana sana na ya mlimau wako, kwa hiyo usiamue kwa kuangalia jani. Fuata chipukizi kwa kidole mpaka chanzo chake. Likiwa bado laini, ling'oe kwa mkono kwa kulisukuma pembeni, maana ukilikata huacha macho chini ambayo yataota tena. Likiwa limekomaa, likate likiwa limegusana kabisa na shina. Kazi hii haingoji Februari. Ifanye siku yoyote utakayoliona.

Sasa njoo kwenye yale matawi saba. Unatafuta matatu au manne ya kuwa nguzo za mti: yaelekee pande tofauti, yapishane kwa urefu wa kiganja kimoja hivi kwenye shina, na la chini kabisa lisiwe karibu mno na udongo. Shubiri mbili juu ya udongo zinatosha kuzuia majani yasirushiwe matope wakati wa mvua, kwani matope hayo ndiyo hubeba ukungu unaofanya gome litoe utomvu. Tawi lililokauka linatoka. Lile linalosuguana na mwenzake linatoka pia. Kisha simama.

Usimalize yote kwa siku moja, hata kama mkono unawasha. Mlimau hauangushi majani yake kwa msimu, na sehemu kubwa ya akiba yake ya chakula iko kwenye hayo majani na vitawi. Ukiondoa zaidi ya moja ya tano ya majani, mti mchanga hukosa nguvu ya kushika maua. Kwa mti wetu, matawi mawili yanatosha Februari. La tatu lisubiri Septemba.

Ile fimbo ya katikati ndiyo inayowachanganya watu. Ishike: ni nene, laini, ina pembetatu badala ya kuwa duara, majani yake ni mapana na miiba ni mirefu. Ukiikata nusu, chini ya kidonda zitaota fimbo nyingine tatu. Kama mti umejaa, itoe yote. Kama kuna upande mtupu, na hapa ndipo ninapopenda zaidi, ivute taratibu kuelekea upande huo na uifunge kwa utepe wa kitambaa kwenye tundu la ukingo wa pipa, ilale karibu na usawa. Tawi lililolala hupunguza mbio na hutoa vitawi vifupi mgongoni, na vitawi hivyo ndivyo huzaa. Fungua utepe likishashika umbo, na ukague mara kwa mara usije ukakata gome. Kama fimbo bado ni changa sana, bana ncha yake kwa kucha baada ya jani la sita hivi. Hapo ndipo kufupisha kunaporuhusiwa.

Mkasi uwe mkali, ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Kata nje kidogo ya ule uvimbe tawi linapoungana na shina: usiukwangue, wala usibakize kisiki, maana kisiki hufa na kuoza kuelekea ndani. Kidonda hakihitaji kupakwa chochote. Shina lililoachwa wazi juani ndilo linalohitaji kinga, kwa sababu jua la Februari hupasua gome jororo. Lipake chokaa iliyochanganywa na maji. Kwa sababu hiyo hiyo usiufungue mti katikati kama bakuli. Limau huzaa vizuri hata kivulini ndani.

Kabla ya kuingiza mkono, tazama kama kuna majani yaliyoshonwa pamoja. Hicho ni kiota cha majimoto, nao hula viwavi wanaotafuna majani machanga. Mimi tawi lao huliacha, kwa heshima na kwa uoga.

Wiki tatu au nne baada ya mvua kuanza, mti utakueleza kama ulikata kiasi. Vitawi vifupi vyenye vitumba vya zambarau maana yake maua yanakuja. Fimbo nene zinazokimbia juu pande zote maana yake ulizidisha, au uliweka yurea nyingi. Zitoe zikiwa changa, kisha uache mkasi mpaka mwakani. Mistari ya fedha inayopindapinda kwenye majani mapya ni ya kiwavi mdogo aliye ndani ya jani. Usiyachume majani hayo, bado yanalisha mti, na kuchuma kutaita machipukizi mengine anayoyapenda zaidi.

Kama mlimau wako uliota kwa mbegu, mpango ni mwingine. Mti wa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua, na lazima kwanza upande juu kiasi fulani. Kila unapokata kilele chake unaurudisha nyuma. Ondoa vilivyokufa na vinavyosuguana, vumilia miiba, na umbo ulitafute baada ya maua ya kwanza.