Meseji ya malipo: soma salio kabla gunia halijapakiwa

Vijana wa Tunduma, Mbozi na Momba, tuchukue mfano huu. Unauza gunia 20 za mahindi kwa 60,000, jumla 1,200,000. Kwenye M-Pesa una salio la 84,000.

Asubuhi mnunuzi anatuma nusu, 600,000. Kwenye daftari andika saa, namba ya muamala, jina, kiasi na salio jipya: 684,000. Umeona hesabu? Salio la zamani jumlisha kilichoingia.

Mchana gari limefika, simu inalia tena: umepokea 600,000. Usikimbilie kiasi, angalia salio. Linatakiwa lisome 1,284,000. Likisoma 684,000, linganisha namba ya muamala na ile ya asubuhi. Zikifanana, ni meseji ileile imejirudia, hela haijaingia mara ya pili.

Namba ikiwa mpya lakini salio halikubali, au meseji imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, shtuka: huenda ni feki. Hata jina la mtumaji linaweza kuigwa, na aliyeona salio lako anaweza kuandika linalolingana. Kwa hiyo piga *150*00# mwenyewe, uangalie salio kwenye menyu. Hilo ndilo la kuamini, siyo meseji wala picha ya simu ya mnunuzi.

Ukitoa hela kwa wakala katikati, andika pia pamoja na makato. Ukisahau, salio halitalingana na utamshuku mnunuzi asiye na kosa.