Umelipa mkopo wote lakini limiti haijapanda? Soma hii kabla hujaomba tena

"Sina deni hata shilingi moja, mbona mmekataa kuniongezea limiti?" Wateja wengi hutuuliza hivi. Hatuangalii tu kama umelipa. Tunaangalia pia umelipa lini, na pesa ya kulipa imetoka wapi.

Tuchukue mfano wa mteja mwenye kibanda cha mboga. Limiti yake ni Sh5,000 za kulipwa ndani ya siku 30, na sasa anaomba Sh15,000. Amekopa mara sita na kulipa zote. Lakini mara tatu alichelewa, na mara nne alilipa Sh5,000 kisha akazikopa tena zote ndani ya saa moja.

Hapo ndipo tunapopata wasiwasi. Mara nyingi pesa ya namna hiyo haijatoka kwa mauzo. Imeazimwa kwa jirani au kwa mkopeshaji mwingine, na inarudi huko huko. Deni halijaisha, limehama tu. Isitoshe, laini yake inapokea kama Sh18,000 kwa mwezi. Akilipa Sh15,000 na ada juu yake, atanunua mboga za kesho na nini?

Kwa hivyo tunamjibu hivi:

"Kwa sasa hatuwezi kupandisha limiti yako. Itabaki Sh5,000 na unaweza kuendelea kuitumia. Sababu: umechelewa kulipa mara 3 kati ya 6, na pesa inayoingia kwa laini yako bado ni kidogo kwa mkopo wa Sh15,000. Tutaangalia tena baada ya siku 90."

Siku 90 si adhabu wala si ahadi. Ni muda wa kutosha kuona mikopo mitatu mfululizo. Kuomba tena kila wiki hakusaidii, kwa sababu rekodi tunayoisoma bado ni ile ile.

Katika muda huo, mteja wetu alipe kabla ya siku ya mwisho, hata kama ni kidogo kidogo. Akope kiasi anachohitaji tu, si lazima amalize limiti. Na kama wateja wake wengi hulipa taslimu, awaombe walipe kwa simu, maana pesa isiyopita kwenye laini hatuioni. Akifanya hivyo, limiti inaweza kupanda hadi Sh7,500 kwanza, kisha tuone.

Kama sababu uliyopewa ni deni la kwingine, omba ripoti yako ya CRB. Una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa, peleka malalamiko lirekebishwe.

Na mtu akikupigia akisema atakupandishia limiti ukimtumia "ada kidogo" au namba yako ya siri, kata simu. Huyo ni tapeli.