Tone la Bomba Lina Ujazo Gani? Somo Kutoka Bomba la Zahanati

Mwezi uliopita Kamati ya Usimamizi wa zahanati moja katika Wilaya yetu ilileta Halmashauri maombi ya tangi la pili la maji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya wazi: maji ya mradi hufika kijijini hapo mara moja kwa wiki, alfajiri ya Jumatatu, na tangi la zahanati lenye lita 2,000 zinazoweza kutumika hukauka Jumapili jioni. Kwa hiyo ndugu za kina mama waliokuja kujifungua usiku wa Jumapili hulazimika kufuata maji kisimani kwa madumu.

Fundi wa maji alipofika kukagua, aliona kuwa bomba lililo nje ya jengo, ambalo ndilo pekee linalotumika kuchotea maji, linadondosha tone baada ya tone. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Muuguzi alikisia kuwa linapoteza lita 6 kwa siku. Fundi alisema ni lita 30. Wote wawili walikuwa wamehesabu idadi ileile ya matone, tena kwa usahihi. Walichotofautiana ni ukubwa wa tone moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa inaamua kama zahanati inahitaji tangi jipya au raba ya bomba.

Tuanze na hesabu ya matone, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi. Kuhesabu kwa macho huku ukitazama saa huchosha, na mtu anapoinua macho kuangalia mshale hupitwa na tone. Njia tuliyoitumia ni kupiga picha ya video kwa simu ya kawaida. Simu iliegemezwa juu ya tofali ili isitikisike, kitenge cheusi kikatundikwa nyuma ya bomba, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde ikawekwa kando ya bomba ili ionekane ndani ya picha ileile. Tulirekodi kwa zaidi ya dakika moja kidogo. Baadaye, kivulini, tuliichezesha video kwa mwendo wa polepole na kuhesabu matone tangu mshale ulipopita kwenye 12 hadi uliporudi hapo. Faida ya picha ni kwamba anayebisha anaweza kuhesabu upya mwenyewe, na muuguzi alifanya hivyo mara mbili.

Siku ya Alhamisi tulipata matone 84 kwa dakika. Hata hivyo, dakika ya Alhamisi haiwezi kusimama badala ya wiki nzima. Tangi likiwa limejaa, maji hulisukuma bomba kwa nguvu zaidi kuliko likiwa karibu kuisha. Tuliomba video nyingine mbili: ya Jumatatu, baada tu ya tangi kujaa, ilionyesha matone 96, na ya Jumapili asubuhi ilionyesha 72. Wastani wa tatu hizo ni 84, hivyo Alhamisi ilitutendea haki kwa bahati. Kwenye bomba lililounganishwa moja kwa moja na mtandao mambo huweza kuwa kinyume, kwani nguvu ya maji hupanda usiku wakati watumiaji wengi wamelala, na anayehesabu mchana peke yake hupata idadi pungufu.

Neno moja kwa wenye mabomba yanayodondosha taratibu sana. Kama tone hutoka kila baada ya sekunde kumi, dakika moja ina matone sita tu, na kukosea tone moja ni kukosea karibu sehemu moja ya sita ya jibu lote. Katika hali hiyo, ni afadhali kupima muda wa matone ishirini badala ya matone ya dakika moja. Na pale matone yanapozidi manne au matano kwa sekunde huanza kuungana kuwa uzi wa maji. Hapo acheni kuhesabu, kingeni chombo.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Muuguzi alitumia kipimo anachokijua kazini: mpira wa dripu wa kawaida hutoa matone 20 kwa kila mililita moja, yaani tone moja ni mililita 0.05. Matone 84 kwa dakika yanakuwa mililita 4.2, na kwa siku nzima lita 6. Fundi naye alitumia kipimo kinachopatikana katika vijitabu vingi vya uhifadhi wa maji, ambacho huchukulia kila tone kuwa robo ya mililita, yaani 0.25. Kwa kipimo hicho siku moja hupoteza lita 30. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Kila mmoja aliazima tone la mahali pengine.

Tone halina ukubwa mmoja duniani kote. Maji yanayoning'inia mdomoni mwa bomba hushikiliwa na mvuto ulio juu ya uso wa maji, mithili ya ngozi nyembamba. Tone huendelea kunenepa mpaka uzito wake uishinde ngozi hiyo, ndipo linapokatika. Kadiri ukingo linaponing'inia ulivyo mpana, ndivyo ngozi inavyoweza kubeba uzito mkubwa zaidi. Mrija mwembamba wa dripu hutengeneza tone dogo, ilhali mdomo wa bomba la nusu inchi hutengeneza tone kubwa. Sabuni iliyobaki mdomoni mwa bomba hudhoofisha ngozi hiyo na kulifanya tone likatike mapema likiwa dogo, kwa hiyo mdomo husuuzwa kabla ya kupima.

Wazo la kwanza la watu wengi ni kulipiga picha tone likiwa hewani, kando ya rula, kisha kukokotoa ujazo wake kutokana na upana. Tulijaribu, na hatulipendekezi. Ujazo wa tufe hutokana na upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo kosa dogo la rula hukua sana. Tone la upana wa milimita 6 lina mililita 0.11, na la milimita 7 lina 0.18. Katika video ya simu, ambamo tone linaloanguka huacha kivuli kilichofifia na tena hutikisika likirefuka na kubonyea, hakuna anayeweza kuapa kama ameona 6 au 7.

Njia iliyo nyepesi na ya kuaminika ni kupima matone mengi kwa pamoja. Tulisogeza kikombe kikavu karibu kabisa na mdomo wa bomba ili maji yasirukeruke, tukakinga matone 100 kamili, kisha tukayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kusoma mililita. Mara ya kwanza tulipata mililita 13.8, ya pili 14.2, ya tatu 14.0. Kila mara tulikikausha kikombe. Mwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu anaweza kupima uzito badala yake, kwa kuwa gramu moja ya maji ni sawa na mililita moja. Wastani ulikuwa mililita 14 kwa matone 100, hivyo tone la bomba hilo ni mililita 0.14. Ni karibu mara tatu ya tone la muuguzi, na ni zaidi kidogo ya nusu ya tone la fundi.

Kinachobaki ni kuzidisha. Matone 84 mara 0.14 ni mililita 11.76 kwa dakika. Kwa saa moja ni mililita 706, na kwa siku ni lita 17 kasoro kidogo. Ili kujiridhisha tulikinga ndoo chini ya bomba kwa saa nzima ya Alhamisi ileile, tukapata mililita 690. Tofauti hiyo ni ndogo.

Msomaji anaweza kuuliza kwa haki kwa nini tusianze na ndoo moja kwa moja. Kwa bomba moja lililo mbele yako, ndoo inatosha. Faida ya kuhesabu huonekana pale mabomba ya aina moja yanapokuwa mengi: ukishapima tone la bomba moja, mengine yaliyo safi na ya mdomo uleule hukadiriwa kwa video ya dakika moja iliyotumwa kutoka kijijini, bila fundi kusafiri. Wala tusitegemee dira ya maji itusaidie. Dira nyingi za majumbani zenye gurudumu huhitaji lita kadhaa kwa saa ndipo gurudumu lianze kuzunguka, na bomba linalopoteza chini ya lita moja kwa saa linaweza kudondosha mwaka mzima bila tarakimu kusogea.

Turudi kwenye tangi. Kwa wiki moja Mganga Mfawidhi aliagiza kila dumu linalochotwa liandikwe kwenye daftari, na wastani ukawa madumu 14 ya lita 20 kwa siku, sawa na lita 280. Kwa siku saba ni lita 1,960. Tukiongeza matone kwa kipimo cha muuguzi, lita 42 kwa wiki, jumla inakuwa lita 2,002: tangi lingefika alfajiri ya Jumatatu, na matone yasingekuwa na lawama. Kwa kipimo tulichopata, bomba linakula lita 118 kwa wiki, karibu madumu sita. Jumla inapanda hadi lita 2,078, na upungufu huo ndio unaoonekana Jumapili jioni.

Ni lazima tuseme kuwa hesabu hii inapita kwenye ukingo mwembamba. Madumu hayajazwi yote sawasawa, na wiki yenye kina mama wengi itazidi lita 1,960 hata bomba likiwa kavu. Maombi ya tangi la pili kwa hiyo hayajatupwa. Yamesogezwa hadi daftari litakapokuwa limeandikwa kwa miezi mitatu.

Bomba lenyewe lilitengenezwa Ijumaa. Raba ya ndani ilikuwa imekatika, jambo linalotokea pale watumiaji wanapolikaza bomba kwa nguvu ili kuzuia tone, na kila wanapokaza ndivyo raba inavyozidi kulika. Baada ya kuweka raba mpya, video ya dakika kumi ilionyesha matone mawili, kwa kuwa kikalio cha shaba ambacho raba hukandamiza nacho kina mkwaruzo. Matone mawili kwa dakika kumi ni mililita 40 kwa siku, vijiko vinane vya chai. Fundi alitaka kubadilisha bomba zima. Mganga Mfawidhi alitazama hesabu, akamwambia apande pikipiki aende kwenye bomba la shule.