Siku Zako Ni Ngapi?

Tazama picha ya kwanza. Hii ni stika ya viza ya Ujerumani. Soma tarehe zake: 01-03-19 na 14-04-19. Mgeni anaweza kuitumia viza kati ya tarehe hizo. Sasa tafuta namba 30. Hizo ndizo siku anazoruhusiwa kukaa. Wengi husoma tarehe tu, wakaiacha namba hii.

Tazama picha ya pili. Muhuri wenye pembe kali ni wa kuingia. Una herufi D, yaani Ujerumani, alama ya ndege, na 05-03-19. Siku ya kuingia huhesabiwa, hata kama alifika usiku. Kutoka tarehe 5 hadi 31 Machi ni siku 27. Ongeza siku 3 za Aprili. Basi mwisho wake ni tarehe 3 Aprili, si 14.

Muhuri wenye pembe za mviringo ni wa kutoka. Unasema 05-04-19. Mgeni huyu alizidisha siku 2. Kwa kosa hilo anaweza kutozwa faini, au kunyimwa viza siku nyingine.

Tangu 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuandika tarehe katika kompyuta badala ya kugonga mihuri. Siku huhesabiwa vile vile.

Swali: Angeingia tarehe 10 Machi, angetoka lini?