Chupa Mbili za pH 6.8

Wenzangu, labda mwadhani kama nilivyodhani mimi, kwamba bafa mbili zenye fosfeti sawa na pH sawa ni kitu kimoja. Nilitengeneza chupa mbili, kila moja lita moja, nikaona sivyo.

Katika ya kwanza nilitia moli 0.05 za NaH2PO4 na moli 0.05 za Na2HPO4. Katika ya pili nilitia moli 0.1 za Na2HPO4 peke yake, kisha nikadondosha asidi ya HCl, huku nikitazama mita, hata pH ikashuka kufika 6.8. Asidi iliyotumika ilikuwa karibu moli 0.05, nayo iligeuza nusu ya fosfeti ile. Ndipo nikajaza maji mpaka alama ya lita.

Sasa tuhesabu nguvu ya ioni. Zidisha kiasi cha kila ioni kwa mraba wa chaji yake, jumlisha zote, kisha gawa kwa mbili. Chupa ya kwanza ina 0.20, ya pili 0.25. Ziada hiyo ni chumvi ya mezani tu: kloridi ya asidi imebaki majini pamoja na sodiamu. Mita ya pH haikuniambia neno. Kipimo cha kupitisha umeme ndicho kilichoonyesha.

Ukianza na NaH2PO4 na kutia NaOH, utapata 0.20 ile ile. Lakini ukipitiliza, ukarudisha kwa HCl, umeongeza chumvi. Mimi humwaga nikaanza upya.