Ukishasema "better", "more" ya nini?

Kijana mmoja anayetembeza watalii kati ya Nakuru na Naivasha aliniletea kipeperushi chake nikipitie kabla hakijaenda kwa mpiga chapa. Sentensi ya kwanza ilisema: "Lake Naivasha is more higher than Lake Nakuru and it is very unique." Ina makosa mawili, na kila moja lina dawa yake.

"More higher" imetoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tukilinganisha, neno "kubwa" hubaki "kubwa". Tunaliongezea tu "zaidi" au "kuliko". Kiingereza mara nyingi hulibadilisha neno lenyewe: "high" huwa "higher", "good" huwa "better", "bad" huwa "worse". Zaidi imo ndani tayari. Anayeandika "more better" anatia sukari kwenye chai iliyokwisha kutiwa sukari jikoni.

Jikague hivi. Kila unapokuta "more" au "most", ifunike kwa kidole usome neno linalofuata. Likiwa linalinganisha lenyewe, kama "cheaper" au "best", futa ulichofunika. Likiwa tupu, kama "beautiful" au "expensive", liachie "more" yake, kwa kuwa maneno marefu ya silabi tatu na kuendelea kwa kawaida hayapokei "-er".

Lakini mara nyingi mwandishi alitaka kutia mkazo. Mkazo una maneno yake: "much" na "far". Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na Nakuru takriban 1,750, kwa hiyo "much higher" ni haki yake. Kuna atakayekuambia kwamba Shakespeare naye alirudufu. Ni kweli, hata katika Julius Caesar, tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Enzi za Shakespeare ilikubalika. Leo mtahini atakukata alama.

"Unique" ni jambo lingine. Maana yake ni pekee, na kitu ama ni cha pekee ama sicho, kwa hiyo "very" haina pa kukaa. "Almost unique" inakaa vizuri, maana kitu chaweza kukaribia upekee. Katika mazungumzo Waingereza wengi husema "very unique" wakimaanisha kisicho cha kawaida. Kwenye maandishi neno la hapo ni "unusual".

Nikamwuliza yule kijana, "Naivasha ni la pekee kwa lipi?"

"Mwalimu, maji yake hayana chumvi."

"Na Baringo?"

Akanyamaza kidogo, kisha akalikata neno "unique" kwa kalamu yake mwenyewe, kwa sababu Baringo nalo ni la maji matamu, na liko kwenye Bonde hilohilo la Ufa. Kipeperushi kilikwenda kuchapwa hivi: "Lake Naivasha is much higher than Lake Nakuru and, unlike it, has fresh water."