Salio linasema Sh42,600, mbona malipo ya Sh30,000 yanakataa?

Swali hili tunalipokea karibu kila Jumatatu asubuhi, na mara nyingi anayeuliza amekasirika. Tuchukue mfano wa mama anayeuza nguo Gikomba. Anataka kumlipa msambazaji Sh30,000 kabla belo halijachukuliwa na mwingine. Kwenye taarifa ya akaunti, `Ledger Balance` ni Sh42,600. Anaweka PIN, na jibu linakuja kwamba salio halitoshi.

Pesa zake hazijapotea. `Ledger Balance` ni hesabu ya miamala iliyokwisha kuandikwa kwenye daftari, ya kuingia na ya kutoka. Kiasi anachoweza kutumia sasa hivi kiko kwenye mstari wa `Available Balance`, na huo unasoma Sh23,300. Tofauti ni Sh19,300, na imetokana na vitu vitatu.

Cha kwanza ni Sh8,000 ambazo mteja alimlipa Jumamosi jioni kwa kadi. Mauzo yameandikwa, lakini benki ya mteja bado haijatuletea pesa zenyewe, kwa sababu wikendi haihesabiwi kama siku za kazi. Hapa hana la kufanya ila kungoja.

Cha pili ni Sh4,800. Mnunuzi aliyelipa kwa simu ametuma ombi la kurudishiwa, akidai alikosea namba. Tukipata ombi kama hilo tunazuia kiasi hicho ili kisitolewe kabla pande zote mbili hazijasikizwa. Kama nguo zilichukuliwa kweli, mama atutumie risiti na ujumbe wa malipo mapema, asingoje tumpigie. Tukiamua pesa ni zake, tunaziachilia. Tukiamua zirudi, `Ledger Balance` ndiyo itakayoshuka kwa Sh4,800. `Available Balance` haitashuka tena, kwa sababu ilishapunguzwa siku ya kwanza.

Cha tatu ndicho huleta kelele nyingi. Wiki iliyopita alihifadhi chumba cha hoteli Mombasa kwa kadi iliyounganishwa na akaunti yake, na hoteli ikaomba Sh6,500 zizuiliwe. Kuzuia si kukata. Hoteli imeshikiwa nafasi tu, na pesa bado ni za mama. Ndiyo maana ukipekua taarifa mstari kwa mstari hutaona hizo Sh6,500 mahali popote, maana taarifa huandika miamala iliyokamilika. Pesa zilizozuiliwa huonekana kwenye ukurasa wake peke yake ndani ya akaunti.

Sasa tuseme amelala, ameondoka, na bili imekuwa Sh5,900. Tuache yale mengine mawili yakae yalivyo. Hoteli ikituma bili ikitumia namba ileile ya idhini iliyotolewa wakati wa kuzuia, mfumo unajua ni jambo moja. `Ledger Balance` inashuka hadi Sh36,700, kizuizi kinaondoka, na `Available Balance` inapanda kwa Sh600, kuwa Sh23,900.

Lakini kuna wakati mhudumu wa mapokezi anapitisha kadi upya kama malipo mapya kabisa. Mfumo hauwezi kujua bili hiyo inahusu kizuizi cha zamani. Basi Sh5,900 zinakatwa, na Sh6,500 zinabaki zimezuiliwa. `Available Balance` inaanguka hadi Sh17,400, na mtu anaapa kwamba amelipishwa mara mbili.

Utajuaje? Angalia `Ledger Balance`. Ikiwa imeshuka mara moja tu, kutoka Sh42,600 hadi Sh36,700, umelipa mara moja, na kilichobaki ni kizuizi ambacho hakijafunguliwa. Ikiwa kuna mistari miwili ya hoteli hiyohiyo kwenye taarifa, hapo ni kweli umekatwa mara mbili, na hilo ni lalamiko tofauti. Tupigie siku hiyohiyo.

Kizuizi kilichosahaulika huisha chenyewe muda wake ukifika, lakini vya hoteli hukaa zaidi ya vya duka la kawaida. Ukitaka haraka, rudi kwa hoteli na risiti, uwaonyeshe namba ya idhini, uwaombe watume ujumbe wa kuachilia. Sisi hatuwezi kukifungua kwa neno lako peke yako, kwa sababu tulikwisha kuihakikishia hoteli kwamba pesa hizo zipo. Tunajua jibu hilo linaudhi.

Kuhusu lile belo: Jumanne zile Sh8,000 za kadi zikishaingia, na kama bili ya hoteli bado haijaja, atakuwa na Sh31,300 za kutumia. Msambazaji atalipika, ila abaki na kitu cha ada ya kutuma.